Mauzo yamepanda, faida imeshuka: namna ya kumwandikia bosi hotuba ya ripoti ya mwaka mbele ya wafanyakazi wote

Hii kazi nimeifanya miaka kadhaa, kukaa chini na ripoti ya mwaka yenye kurasa mia na kitu halafu utoe hotuba ya dakika kumi ambayo mkurugenzi mtendaji ataisimamia mbele ya watu wote, kuanzia mhasibu mpaka dereva. Mwaka mzuri hauna shida, unajiandika. Mwaka mbaya kabisa nao una namna yake, kila mtu anajua hali ni mbaya. Unaotesa ni ule wa katikati, mauzo yamepanda, watu wamekesha kazini, halafu faida imeshuka, sasa unamwambiaje mtu aliyefanya kazi zaidi ya mwaka wa nyuma kwamba kimebaki kidogo? Huo ndo nitaueleza hapa, ukiuweza huo mingine yote ni mtelemko.

Nitatumia kampuni ya mfano, ya kusambaza bidhaa madukani, ina maghala na magari. Namba nimezitunga ili hesabu isomeke kirahisi, wewe weka za kwenu na pesa yenu.

Hatua ya 1: Hakikisha namba zimeshafungwa

Kabla hujaandika neno, fungua ripoti ya mkaguzi huru uangalie kama ina saini na tarehe, halafu angalia ukurasa wa mizania kama wakurugenzi wa bodi wamesaini. Kama hakuna saini, hiyo uliyonayo ni drafti, na drafti inabadilika wiki ya mwisho kabisa, hasa kwenye madeni ya wateja. Mkaguzi anaweza kusema huyu mteja hajalipa mwaka mzima, hilo deni lihesabuni kama limepotea, na faida inapungua hapohapo wakati wewe ulishaandika hotuba na slaidi zimeshapendeza.

Kama kampuni iko kwenye soko la hisa kuna jambo zito zaidi. Matokeo yatoke kwanza kwa umma kwa utaratibu wa soko ndipo mkutano wa wafanyakazi ufanyike, hata kama ni saa mbili baadaye. Ukiwaambia watu mia tatu namba ambazo hazijatangazwa umewapa taarifa za ndani, na kununua au kuuza hisa kwa taarifa za ndani ni kosa kisheria kwenye nchi nyingi. Muulize katibu wa kampuni tarehe na saa, akujibu kwa maandishi.

Hatua ya 2: Isome ripoti kuanzia nyuma

Wengi wanaanza na barua ya mwenyekiti mwanzoni, wanakopi maneno yake, na hotuba inatoka na harufu ya barua ya mwenyekiti. Ile barua imeandikiwa wenye hisa. Anza na maelezo ya hesabu kule nyuma, yale yenye maandishi madogo, ndiko utakuta hela ilipoenda. Kwenye kampuni yetu ya mfano juu kabisa panasomeka hivi: mauzo yametoka bilioni 8 mpaka bilioni 9.2, na faida kabla ya kodi imetoka milioni 640 mpaka milioni 460. Ukiishia hapo utaandika "tumekua kwa asilimia 15 licha ya changamoto" na watu watalala.

Nenda nyuma. Kwenye maelezo ya mapato mengineyo unakuta milioni 92 ni faida ya kuuza ghala la zamani. Yaani kazi yenyewe, ya kununua na kuuza na kusambaza, imeleta milioni 368 tu. Hiki ni kitu cha mara moja, mwakani hamna ghala lingine la kuuza, na ndicho mara nyingi bosi anatamani kipite kimyakimya. Usikubali kipite. Mtu wa fainansi aliyekaa mstari wa nyuma anakijua, na kufika jioni kitakuwa kwenye kila grupu la wasapu.

Kingine unachotafuta ni madeni ya wateja. Chukua wanayodaiwa wateja mwisho wa mwaka, gawanya kwa mauzo ya mwaka, zidisha kwa 365, unapata wastani wa siku wanazokaa na hela yenu. Mwaka wa kwanza milioni 986 kwa mauzo ya bilioni 8 inakupa siku 45. Mwaka uliofuata milioni 1,764 kwa bilioni 9.2 inakupa siku 70. (Ni makadirio, maana deni la mteja mara nyingi lina kodi ya mauzo ndani yake wakati mauzo kwenye hesabu hayana, lakini mradi umepima miaka yote miwili kwa njia moja utaona mwelekeo.) Siku 25 zaidi za kusubiri hela, na huku mishahara na mafuta ya magari havisubiri, lazima kampuni ilikopa. Angalia riba ya mkopo, na kweli utakuta imepanda.

Hatua ya 3: Tafuta uzi mmoja

Hapa ndo pa kutumia muda, mimi natumia siku nzima. Una vitu vimetawanyika: usafiri umepanda, riba imepanda, bidhaa zilizorudishwa na wateja zimeongezeka. Ukivitaja kimoja kimoja ni orodha, na orodha haikai kichwani. Nenda kaulize vinaunganaje.

Kwenye mfano wetu nenda mpaka ghalani, omba daftari la mizigo iliyorudi, kaa nalo. Utaona mwezi wa nne kurudi nyuma safu ya "sababu" ina mambo mchanganyiko, saizi siyo, idadi siyo, mteja kakataa. Kuanzia mwezi wa tano linajirudia neno moja ukurasa baada ya ukurasa: boksi limepasuka, boksi limepasuka. Uliza mwezi wa nne kulitokea nini, unaambiwa tulibadilisha maboksi, tukachukua ya bei nafuu. Sasa fuata mnyororo wake. Boksi likipasuka mzigo unarudi, gari linakwenda mara mbili, kwa hiyo usafiri unapanda. Mteja aliyerudisha nusu ya mzigo halipi ankara mpaka mkubaliane anadaiwa ngapi, kwa hiyo siku za kulipwa zinarefuka. Siku zikirefuka mnakopa, mkikopa mnalipa riba. Siyo kila senti imetokana na maboksi, mafuta nayo yanaweza kuwa yamepanda bei, na mhasibu akwambie ni sehemu gani ni mafuta na ipi ni safari za kurudia, usije ukalitwisha boksi mzigo wote. Ila uzi unao, na uzi huo unaweza kusemwa na mtu yeyote akiwa kwenye foleni ya chakula: tuliuza zaidi, mzigo ukarudi, tukakopa kuziba pengo.

Iandike hiyo sentensi juu ya karatasi. Aya yoyote ya hotuba isiyoshika uzi huo, itoe.

Hatua ya 4: Namba tatu, na zote kwa mia

Zaidi ya namba tatu hakuna anayekumbuka. Na hizo tatu zisiwe mabilioni, maana bilioni haina sura kwa mtu anayelipwa kwa mwezi. Geuza iwe "katika kila mia tuliyouza". Milioni 640 kwa bilioni 8 ni 8 kwa kila mia. Milioni 460 kwa bilioni 9.2 ni 5. Toa ile ya ghala, inabaki 4. Hizo ndo namba zako: nane, tano, nne.

Kutoka nane mpaka nne zimepotea nne, mhasibu akupe zimeenda wapi. Kwenye mfano wetu mbili zimeliwa na usafiri, moja na riba, moja na bidhaa zilizorudi zikiwa hazifai kuuzika tena. Ukizijumlisha zifike nne kamili, zisipofika rudi kwa mhasibu, usijazie kwa maneno.

Halafu jihadhari sana na asilimia. Nilishaandika kwenye hotuba moja, hapa naiweka kwa namba za mfano wetu, "faida imeshuka kwa asilimia tatu" nikimaanisha kutoka 8 kwa mia hadi 5 kwa mia. Bosi akaisoma. Kijana mmoja wa mauzo akatoa simu, akapiga hesabu, akanyoosha mkono: mheshimiwa, kutoka 640 kwenda 460 si imeshuka asilimia 28? Na alikuwa sahihi. Kiwango cha faida kilishuka pointi tatu, faida yenyewe kama hela ilishuka asilimia 28, ni vitu viwili tofauti, na kwa lile kosa langu ukumbi mzima uliamini tumejaribu kuwaficha. Tangu siku hiyo situmii asilimia kwenye faida, nasema "zilibaki nane, sasa zimebaki tano", hapo hakuna wa kukusahihisha.

Hatua ya 5: Andika, na neno "changamoto" liweke kando

Kwanza suala la mwaka. Ripoti inasema "mwaka huu" ikimaanisha mwaka uliofungwa, lakini mkutano mnaufanya miezi mitatu minne baadaye, na ukumbini "mwaka huu" ni huu tulionao. Geuza zote: mwaka uliofungwa ni "mwaka jana", wa kabla yake ni "mwaka juzi".

Ufunguzi usiwe wa itifaki ndefu. Salamu, shukrani ya kuja, halafu moja kwa moja:

"Mwaka jana tuliuza zaidi ya mwaka juzi. Na kilichobaki ni kidogo kuliko mwaka juzi. Wengi wenu mlilihisi hili kabla hata mimi sijaletewa hesabu, maana ninyi ndio mliopakia mzigo mara mbili. Leo nataka niwaeleze hela ilienda wapi."

Sentensi nne, mtu kashajua yote mawili, zuri na baya. Usiweke zuri dakika tano nzima halafu "hata hivyo", watu wakisikia "hata hivyo" wanajua kile cha mwanzo kilikuwa cha kuwalainisha.

Baada ya hapo zinakuja namba:

"Mwaka juzi, katika kila mia tuliyouza, nane zilibaki. Mwaka jana zimebaki tano. Na niwe mkweli, katika hizo tano, moja ni ya ghala la zamani tulilouza. Hatuna ghala lingine la kuuza. Kazi yetu wenyewe imetuachia nne."

Kisha sehemu ya matatizo, na hapa ndo "changamoto" inapojipenyeza. Hili neno limechoka. Ukisema "tulikumbana na changamoto za kiuendeshaji" hujasema kitu, mvua ni changamoto, wizi ni changamoto, bosi kukosea ni changamoto. Kila unapoliona kwenye drafti yako jiulize ni nini hasa, ni deni, ni hasara, ni kuchelewa au ni kosa la mtu, uliite kwa jina lake. Na kama ni kosa la uongozi, bosi alibebe mwenyewe:

"Mwezi wa nne tulibadilisha maboksi tukachukua ya bei nafuu. Uamuzi huo ulipita mezani kwangu nikausaini. Maboksi yalipasuka. Watu wa ghala walituandikia mwezi wa sita, tulichelewa kuwasikiliza. Maboksi ya zamani yamerudi tangu mwezi uliopita."

Aya hii utapigana nayo. Bosi atataka "uamuzi ulifanyika", bila mwenyewe. Mimi huwa namwonyesha daftari la ghalani, namwambia mzee, hawa watu wanajua nani alisaini, swali ni kama watalisikia kwako au wataambiana wenyewe. Mara nyingi anakubali. Akikataa, angalau hakikisha hotuba haiwageuzi watu wa ghala kuwa ndio waliosababisha. Na kile cha barua ya mwezi wa sita kiingie tu kama barua ipo kweli na umeiona kwa macho yako.

Shukrani weka hapohapo, usizipeleke mwisho kama orodha ya idara zote, maana shukrani ya kila mtu haimfikii mtu. Shukuru tendo. "Timu ya ghala ilihesabu upya mizigo iliyorudi jumamosi sita mfululizo, ndiyo maana leo tunajua tatizo ni nini." Inatosha.

Hatua ya 6: Mshahara, bonasi, kazi

Tangu bosi aliposema kimebaki kidogo, kila aliyekaa pale anajiuliza mambo matatu: mshahara utaongezwa, bonasi ipo, kuna watakaopunguzwa? Usiposema wewe, ndiyo yatakuwa maswali matatu ya kwanza, na bosi atajibu bila kujiandaa, na jibu la bila kujiandaa ndilo linalonukuliwa mwaka mzima.

Kama limeshaamuliwa, liseme kwa sentensi moja nyepesi: bonasi ya mwaka jana haitakuwepo, nyongeza ya mshahara ipo kama tulivyokubaliana. Kama halijaamuliwa, toa tarehe: bodi inakaa tarehe fulani, wiki inayofuata kila mtu atapata jibu kwa msimamizi wake. Tarehe ambayo bosi hana uhakika nayo usiiandike kabisa.

Na kamwe usimwandikie "hakuna atakayepoteza kazi". Hata kama leo ni kweli. Mteja mkubwa mmoja akiondoka mwezi wa nane hiyo sentensi itarudi. Andika kinachojulikana: "Leo hakuna mpango wa kupunguza watu uliopo mezani kwangu. Ukija, ninyi mtakuwa wa kwanza kusikia, kabla ya mtu wa nje." Ila iandike tu kama ni kweli. Kama mpango upo, basi hotuba hii siyo mahali pa kuutangaza. Wahusika na chama cha wafanyakazi wanatakiwa wakae mezani kwanza, nchi nyingi sheria ya kazi inadai hivyo, kwa hiyo mwanasheria na watu wa utumishi wasome kila neno la aya hii kabla ya mtu mwingine yeyote.

Hatua ya 7: Pima mdomoni

Kiswahili kina maneno marefu, kwa hiyo usifuate vipimo vya lugha nyingine vya maneno kwa dakika. Nikimpima bosi anayesoma kwa utulivu na kupumua anakwenda karibu maneno 100 kwa dakika, wengine pungufu. Dakika kumi ni kama maneno elfu moja, basi. Ukiwa na elfu na mia sita, kata. Kwa kawaida kinachostahili kukatwa ni maelezo ya mazingira ya uchumi, yale ya duniani kote hali ni ngumu. Watu wanajua hali ni ngumu.

Soma kwa sauti ukiwa umesimama. Ukikata pumzi katikati ya sentensi, igawe. Kwenye karatasi ya kusomea namba ziandike kwa maneno, na ikibidi bilioni itajwe iwe "bilioni tisa na milioni mia mbili", maana 9.2 ukiwa jukwaani inaweza kutoka "tisini na mbili", nimeshaisikia kwa masikio yangu.

Halafu mpe watu watatu waisome, siyo kumi, kumi watakurudishia "changamoto" zote ulizozitoa. Mhasibu mkuu aangalie namba dhidi ya ripoti iliyosainiwa. Mtu wa utumishi aangalie hatua ya 6. Wa tatu ni mtu wa ghalani au dereva, msomee tu, asisome, halafu muulize: umesikia nini? Akikujibu "maboksi yalitumaliza, tukakopa" hotuba imeiva. Akisema "amesema tuongeze bidii" rudi hatua ya 3, maana hilo hukuliandika wewe, kalisikia kwa sababu kila hotuba ya namna hii huwa inasema hivyo.

Slaidi iwe moja, ile ya nane, tano, nne, maandishi makubwa. Projekta ikigoma hotuba iende bila hiyo.

Hatua ya 8: Maswali

Andika maswali kumi makali uwezavyo, mkae na bosi chumbani, wewe uwe mfanyakazi aliyekasirika. Kwa kampuni yetu lazima liwemo hili: "Wakurugenzi nao mmekosa bonasi?" Malipo ya wakurugenzi mara nyingi yamo kwenye ripoti ya mwaka, kuna mtu atakuwa ameyasoma, kwa hiyo mpe bosi namba hiyo mkononi na jibu la sentensi mbili. Akianza kueleza kwa dakika tatu, mkatishe, aanze upya.

Lingine: "Hayo maboksi yaliokoa kiasi gani?" Hili jibu lake litafute kwa mtu wa manunuzi mapema, na liwekwe pembeni mwa ile moja kwa mia ya bidhaa zilizorudi hazifai, ambayo kwa mauzo ya bilioni 9.2 nayo ni milioni 92. Likiwa dogo kuliko hasara, bosi aseme lilikuwa dogo kuliko hasara.

Asilolijua aseme sina namba hiyo, nitaileta ijumaa, na wewe uwe pembeni na kalamu unaandika nani kauliza nini, kwa sababu ijumaa ikifika ni wewe utakayetafutwa.

Siku yenyewe printi nakala mbili kwa maandishi makubwa, upande mmoja tu wa karatasi, sentensi isivuke ukurasa, na kurasa uzipe namba kwa kalamu. Moja mpe bosi, nyingine kaa nayo mstari wa mbele.